Foto Iliyobanduliwa: Uhakiki wa Maelezo ya Picha ya Familia ya Buyenzi na Suala la Kukadiria Wakati Wake

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maelezo mafupi ya Kiswahili yaliyoandikwa kuhusu picha ya familia ambayo sasa haipo tena mahali pake. Maelezo hayo yanataja mavazi, mandhari na karatasi ya picha, kisha yanatoa wakati ilipopigwa na kumtaja mtoto aliyepakatwa. Uhakiki unatenganisha sentensi za mtu aliyekuwa akitazama na sentensi za mtu aliyekuwa akikumbuka, na kupima kila dalili kwa swali moja: je, inaonyesha wakati wa kupigwa kwa picha, au wakati wa kusafishwa kwa nakala yake tu?

Matini na mgogoro wake

Katika albamu ya familia moja ya mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, kuna ukurasa wenye nafasi tupu. Picha iliyokuwa hapo haikuwekwa kwa pembe za karatasi kama zile za kurasa nyingine. Ilibandikwa kwa gundi, na ilipoondolewa iliacha ngozi nyembamba ya karatasi yake ikiwa imeng'ang'ania ukurasa mweusi. Upande wa pili kumebandikwa karatasi ya daftari la mirabaraba iliyoandikwa na mjukuu wa wenye picha, miaka mingi kabla picha haijaondolewa. Maneno yake ni haya:

"Foto hii ni ya zamani sana, rangi yake imekuwa ya kahawia kwa uzee. Babu amesimama, amevaa kanzu na koti juu yake, kichwani ana tarbushi. Bibi amekaa kwenye kiti, amejitanda kanga yenye maneno lakini hayasomeki, mikono yote miwili ameiweka juu ya mikono ya kiti. Mtoto amekaa mapajani, anaangalia pembeni. Nyuma ni pazia limechorwa maji na minazi. Juu ya meza iko redio ndogo yenye mkono na duara la namba, haizidi Msahafu kwa ukubwa, waya hauonekani. Kingo za foto zina meno. Ilipigwa vita vilipokwisha, babu alipotoka Ujiji. Mtoto alikuwa ni mama yetu mkubwa, Mungu amrehemu."

Mgogoro umo katika sentensi ya mwisho. Kwenye jalada la ndani la Msahafu wa nyumbani babu aliandika miaka ya kuzaliwa kwa watoto wake. Binti wa kwanza alizaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1949. Binti wa mwisho alizaliwa mwaka 1958 na yungali hai. Picha imo nyumbani kwa watoto wa huyu wa mwisho, wanaosema kuwa mtoto aliyepakatwa ni mama yao. Upande mwingine wa ukoo unashika maelezo ya daftari, kwa kuwa marehemu hana picha nyingine yoyote. Kwao, kukubali kwamba mtoto yule ni mwingine ni kukubali kwamba sura ya ndugu yao haikubaki popote. Kwa hiyo swali la lini picha ilipigwa ni swali la nani amebaki ndani yake.

Viambishi -me- na -li- kama mpaka wa ushahidi

Jambo la kwanza la kuzingatiwa liko katika vitenzi. Karibu kila kitenzi kinachohusu watu wa pichani kimebeba kiambishi -me-: amesimama, amevaa, amekaa, amejitanda, ameiweka. Kwa vitenzi vya mkao na mavazi, Kiswahili hutumia -me- kueleza hali iliyopo mbele ya macho ya msemaji. "Amevaa kanzu" si habari ya tendo la kuvaa, ni habari ya kanzu inayoonekana mwilini. Mwandishi wa daftari alikuwa na picha mkononi, akatazama, akaandika. Hata pale lugha yake inapoegemea Kiswahili cha Burundi na Kongo, kama katika "foto" na "iko redio", wakati ni ule ule wa kutazama.

Kisha, baada ya "kingo za foto zina meno", -me- inatoweka. Zinafuata "ilipigwa", "vilipokwisha", "alipotoka", "alikuwa". Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kinachoweza kuthibitishwa kwa kuitazama picha. Kwisha kwa vita hakuonekani kwenye kanzu, wala safari ya kutoka Ujiji haionekani kwenye pazia. Hapo mwandishi ameacha kutazama na ameanza kusimulia alichokisikia. Hakudanganya, na pengine hakutambua kwamba amevuka mpaka. Wasomaji wake ndio waliozisoma sentensi zote tisa kama ushahidi wa aina moja.

Mpaka huo, hata hivyo, hauko safi kabisa. Katika sentensi ya kwanza kuna "rangi yake imekuwa ya kahawia kwa uzee". Kiambishi ni cha kutazama, lakini maneno mawili "kwa uzee" ni hukumu iliyojificha ndani ya maelezo. Picha za fedha na gelatini, yaani zile nyeusi na nyeupe zilizotawala karne ya 20, huweza kuwa za kahawia kwa sababu mpiga picha alizitia dawa ya rangi kwa makusudi, au kwa sababu hazikusuuzwa vya kutosha na mabaki ya dawa yakazila. Picha ya miaka mitano iliyosuuzwa vibaya inaweza kuwa na kahawia kuliko ya miaka hamsini iliyotunzwa. Rangi hiyo haisemi lolote kuhusu umri hadi ijulikane imetoka wapi, na mwandishi wa daftari hakueleza kama ilienea picha nzima kwa usawa au ilikuwa pembezoni tu.

Mavazi na pazia

Mavazi ndiyo dalili ambayo wanafamilia huikimbilia kwanza, na katika kisa hiki ndiyo dhaifu kuliko zote. Vazi hutoa mpaka wa chini: picha haiwezi kutangulia vazi lililomo. Mpaka wa juu ni vigumu kuupata, kwa sababu watu huendelea kuvaa nguo muda mrefu baada ya mtindo wake kupita, hasa siku ya kwenda kupiga picha, ambapo nguo ya heshima hutolewa sandukuni. Kanzu na koti juu yake vilivaliwa na waungwana wa pwani na wa miji ya bara kwa vizazi kadhaa, na vingali vinavaliwa kwenye harusi.

Tarbushi imewahi kupotosha wengi. Uturuki iliipiga marufuku kofia hiyo mwaka 1925, na anayejua habari hiyo hushawishika kuirudisha picha nyuma hadi miaka ya 1920. Sheria ya Ankara haikufika Usumbura wala Ujiji, na tarbushi iliendelea kuvaliwa Afrika Mashariki kwa miongo mingi baada yake.

Kanga yenye maneno inasaidia kidogo zaidi, lakini mwandishi anaishia kusema kwamba maneno "hayasomeki" bila kusema ni ya hati gani. Kanga za mwanzo zenye maandishi zilitumia hati ya Kiarabu, na baadaye hati ya Kilatini ikashika nafasi. Mtu asiyeweza kusoma neno huweza bado kutambua umbo la hati, na taarifa hiyo ingefaa kuandikwa. Hata maneno yangesomeka, tahadhari ingehitajika, maana jina la kanga lililopendwa huchapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Afadhali pia kwamba mwandishi alitumia "kanga" na si "leso": msomaji wa Mombasa angeliona vazi, na wa Dar es Salaam angeiona bibi ameshika kitambaa cha kufutia uso.

Kuhusu pazia hakuna haja ya kukaa sana. Minazi na maji yaliyochorwa hayamaanishi pwani, wala ufuo wa Tanganyika. Pazia la studio ni mali ya mpiga picha, hutumika hadi lichakae na huweza kuuzwa kwa studio nyingine. Lingefaa tu kama kungekuwa na picha nyingine yenye tarehe iliyopigwa mbele ya pazia lile lile, na katika albamu hii haipo. Kingo zenye meno nazo zilipendwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960, kwa hiyo zinawaridhisha wanaosema 1945 na wanaosema 1958 kwa kiasi sawa.

Ngozi ya karatasi iliyobaki

Wanafamilia walidhani kwamba picha ilipoondoka iliondoka na ushahidi wake wote isipokuwa maneno ya daftari. Sivyo. Ukurasa mweusi umefifia kila mahali isipokuwa pale picha ilipoukinga, na alama hiyo ina sentimita 14 kwa 9, kipimo cha kawaida cha picha zilizochapwa kwenye karatasi ya umbo la postikadi. Ndani ya alama hiyo imebaki ile ngozi nyembamba ya mgongo wa karatasi. Kwa kuwa mgongo ndio uliogusa gundi, chochote kilichochapwa juu yake sasa kimelala kifudifudi, na kinaonekana kwa mbali kupitia ngozi yenyewe, kikiwa kimegeuzwa. Kioo cha mkono kikishikiliwa kando ya ukurasa kinayarudisha maandishi katika hali yake ya kusomeka.

Yanayosomeka ni mambo mawili. La kwanza ni herufi EVAER zilizochapwa kwa kijivu hafifu, sehemu ya jina Gevaert. La pili ni muhuri wa mpira wa wino wa zambarau ambao umebakiza herufi SUMBU.

Gevaert ilikuwa kampuni ya Ubelgiji ya karatasi na filamu za picha, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika eneo la Antwerp. Hakuna ajabu kuikuta Usumbura, mji uliokuwa chini ya utawala wa Ubelgiji tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1964 kampuni hiyo iliungana na Agfa ya Ujerumani, na majina yakaunganishwa pia. Jina Gevaert likiwa peke yake mgongoni linaelekeza kwenye karatasi iliyotengenezwa kabla ya muungano huo, ingawa katika kipande kilichochanika haiwezekani kuapa kwamba halikufuatana na jina lingine. Muhuri unaimarisha mpaka huo wa juu. Mji uliitwa Usumbura hadi uhuru wa Julai 1962, kisha ukawa Bujumbura. Mwenye studio angeweza kuutumia muhuri wake wa zamani kwa mwaka mmoja au miwili hadi alipopata mpya, lakini si kwa muda mrefu katika nchi iliyokuwa ikijivunia jina jipya.

Jina Gevaert linagusa pia dai la 1945. Kuanzia Mei 1940 hadi vuli ya 1944 Ubelgiji ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, na makoloni yake yalikuwa yamekatwa na viwanda vya nyumbani. Karatasi ya Antwerp kupatikana Usumbura mara tu vita vilipokwisha haishindikani, kwa kuwa akiba ya zamani ingeweza kuwepo na meli zilianza tena kusafiri. Hata hivyo, karatasi ya picha huharibika kwa joto na unyevu, na miaka mitano kando ya Ziwa Tanganyika si hifadhi nzuri. Hoja hii peke yake haiangushi dai hilo, ila inalifanya lihitaji maelezo.

Kuna kipimo kingine ambacho ngozi hiyo inaruhusu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 watengenezaji wa karatasi za picha walianza kutia kemikali ya kung'arisha weupe, ile ile inayotiwa kwenye sabuni za unga. Karatasi yenye kemikali hiyo hung'aa samawati chini ya taa ya kukagulia noti, ambayo siku hizi iko kwenye maduka mengi. Karatasi ya kabla ya hapo hubaki na weupe uliofifia. Kipimo hiki ni cha upande mmoja: mng'ao unaonyesha kwamba karatasi ni ya miaka ya 1950 au baadaye, na kukosekana kwake hakuonyeshi lolote, maana si kila karatasi ilitiwa kemikali hiyo. Kosa la kawaida ni kusahau gundi, kwa sababu baadhi ya gundi hung'aa zenyewe. Katika ukurasa huu kuna mahali ambapo gundi ilimwagika nje ya alama ya picha na kukauka bila karatasi juu yake. Chini ya taa, gundi hiyo ilibaki nyeusi kama ukurasa, na ngozi ya karatasi iling'aa samawati.

Karatasi si picha

Hapa ndipo uhakiki wa haraka ungefunga mjadala na kusema kwamba picha si ya 1945. Ungekosea njia, hata kama ungefika mahali sahihi. Taa ilipima karatasi, na karatasi ni umri wa nakala. Bamba au filamu iliyopigwa mwaka 1945 ingeweza kusafishwa upya mwaka 1959 kwenye karatasi mpya, ikapigwa muhuri wa studio ya mwaka huo. Familia zilizopoteza mtoto ndizo hasa zinazorudi kwa mpiga picha kuomba nakala. Ingewezekana pia kwamba picha ya zamani iliwekwa ukutani na kupigwa picha upya. Kila dalili iliyotolewa mgongoni, yaani jina la kampuni, muhuri na mng'ao, inaweza kuwa kweli huku dai la 1945 likiwa kweli pia.

Kinachoweza kuamua ni kitu kilichomo ndani ya picha, si kwenye karatasi, na ambacho kisingeweza kuwepo mwaka 1945. Katika maelezo ya daftari kitu hicho ni kimoja tu, na wasomaji wa ukoo walikipita bila kukitazama: redio.

Redio ya kubebeka haikuanza na transista. Zilikuwapo redio za valvu zenye mkono na betri kabla ya hapo, na neno "redio" likiwa peke yake lisingesaidia. Lakini nyingi kati ya redio hizo zilikuwa nzito, kwa umbo la sanduku dogo la safari, kwa sababu valvu zilihitaji nafasi na betri kubwa. Redio ya transista ya kwanza kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1954, na redio za aina hiyo zilienea duniani katika miaka iliyofuata. Mwandishi wa daftari anasema redio "haizidi Msahafu kwa ukubwa", ina mkono, ina duara la namba, na waya hauonekani. Hakuwa akijaribu kukadiria mwaka, na hakujua kwamba kipimo hicho kingekuja kupingana na sentensi yake ya mwisho. Ndiyo maana kinaaminika. Mtu anayeeleza kitu bila kujua kitamfaa nani huwa hana sababu ya kukipunguza wala kukiongeza.

Udhaifu wa hoja hii usifichwe. Msahafu una ukubwa mwingi, na aliyeandika hakusema ni upi. Kama alikuwa na fikra ya Msahafu mkubwa wa kuwekwa juu ya rehani, redio ndogo ya valvu ingeweza kuingia. Lakini Msahafu wa nyumbani, ule wenye miaka ya watoto kwenye jalada lake, bado upo na unashikika kwa mkono mmoja. Ndio ambao mjukuu aliukua akiuona, na ni busara kudhani kwamba ndio aliopimia. Redio ya ukubwa huo, iliyosimama juu ya meza ya studio kama kitu cha fahari, haielekei kutangulia mwaka 1955, na kwa Usumbura ni salama zaidi kufikiria miaka michache baada ya hapo. Ukiunganisha mpaka huo wa chini na mpaka wa juu wa muhuri, picha inaangukia kati ya takriban 1956 na 1963, na nakala iliyokuwa kwenye albamu inaonekana kuwa ya wakati huo huo.

Mikono ya bibi

Katika maelezo ya daftari kuna sehemu nyingine ambayo haikuandikwa kama ushahidi. Bibi "mikono yote miwili ameiweka juu ya mikono ya kiti". Kama mikono yake iko hapo, haimshiki mtoto. Mtoto anayekaa mapajani bila kushikwa, akigeuza kichwa kuangalia pembeni, amekwisha kupita miezi sita ya kwanza, na kwa uwezekano mkubwa hajafika umri wa kukataa kupakatwa mbele ya mgeni. Binti wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1958, angekuwa katika umri huo karibu na mwaka 1959. Binti wa kwanza alikuwa katika umri huo mwaka 1945. Mkao wa mtoto unawakubali wote wawili. Redio inamkataa mmoja.

Maelezo hayo, pamoja na kosa lake, ni bora kuliko mengi yanayoandikwa chini ya picha za familia, ambayo huishia kwenye majina na neno "zamani". Mwandishi alihesabu mikono, alipima redio kwa kitu alichokijua, na alikiri kwamba maneno ya kanga hayasomeki badala ya kuyabuni. Alichokosa ni mstari mmoja wa kutenga aliyoyaona na aliyoyasikia, kwa mfano "nasikia kwamba" kabla ya "ilipigwa". Kiswahili kinayo maneno hayo, na wazee wa Buyenzi huyatumia kila siku wanaposimulia mambo wasiyoyashuhudia: inasemekana, yasemwa, nimeambiwa.

Picha yenyewe ikipatikana kwa kukaguliwa, kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya yote. La kwanza ni redio, ipimwe kwa kulinganishwa na kiganja cha bibi kilicho karibu nayo. La pili ni pembe za sura ya picha: kama kuna kivuli cha ukingo wa picha nyingine, au mikwaruzo inayoonekana kwa jicho lakini haisikiki kwa ukucha, basi ile ni picha ya picha, na karatasi yake haina tena la kusema kuhusu siku ambayo watu wale walikaa mbele ya pazia la minazi.